Aya ya Tatu ya Barua kutoka Kamere

Sharti lenyewe lilikuwa la mwisho katika tangazo, chini ya shahada ya takwimu au fani inayokaribiana nayo, chini ya Excel na SQL, na liliandikwa kwa maneno machache yasiyo na tafsili wala mfano, kwamba mwombaji awe na uzoefu wa akili unde. Kazi iliyotangazwa ilikuwa ya mchanganuzi wa data wa ngazi ya chini kabisa, katika shamba moja la maua lililo kando ya barabara ya Moi South Lake, na mtu aliyenionyesha tangazo hilo alikuwa binti wa jirani yangu hapa Kamere, ambaye mama yake amekuwa akipanga waridi katika mashamba haya tangu binti mwenyewe hajaanza kwenda shule, naye sasa amehitimu shahada ya takwimu na kurudi nyumbani kungoja riziki kama wanavyongoja wenzake wengi wa kusini mwa Ziwa Naivasha. Nimepata idhini yake ya kuizungumza barua aliyoiandika, kwa sharti la kutomtaja yeye wala shamba. Aliiandika kwa Kiingereza, kama ilivyo ada ya ofisi zetu, nami naileta kwa Kiswahili.

Ushauri aliokuwa amepewa na watu wa karibu ulikuwa mmoja, nao ni kwamba atie chumvi. Katika saiba alikokwenda kupiga chapa barua yake, mwenye mashine alijitolea kumtengenezea nyingine kwa dakika mbili, na akamwonyesha mfano wa ile aliyokwisha kuwapigia wahitimu wengine: waraka mzuri wa kutazama, uliosheheni "uzoefu mpana", "shauku kubwa" na "suluhisho za kisasa za akili unde", usiokuwa na jina la kitu hata kimoja ambacho mwombaji alikifanya kwa mikono yake. Binti yule alikataa, si kwa sababu ya ucha Mungu peke yake, bali, kama alivyoniambia kwa ufasaha wa watu wa hesabu, kwa sababu asingeweza kujibu swali la pili. Swali la kwanza katika usaili, alisema, ni lile la kukuuliza umefanya nini, na hilo kila mtu hulijibu. La pili ni lile la kukuuliza ulikifanyaje, na hapo ndipo mwongo hukosa maneno.

Aya yake ya tatu, ambayo ndiyo sababu ya makala haya, ilisema hivi: "Kuhusu akili unde, uzoefu wangu ni mdogo, nami naona ni wajibu wangu kueleza mipaka yake. Nimejenga kielelezo kimoja tu cha kubashiri, katika mradi wa mwaka wa mwisho, kwa data ya kubuni iliyotengenezwa na mwalimu kwa ajili ya mafunzo, na hakuna mtu aliyepata kukitumia kufanya uamuzi. Natumia ChatGPT kunisaidia kuandika maswali ya SQL na fomula za Excel, wala sipeleki jumla yoyote mbele kabla ya kuilinganisha na daftari la asili. Sijafanya kazi ya kuchambua picha wala lugha, na sijapata kuweka kielelezo chochote katika mfumo wa kampuni."

Naamini kwamba aya hiyo, licha ya kuonekana kuwa ni ungamo la upungufu, ndiyo ithibati bora ya ustadi iliyo katika barua nzima, na kwamba meneja mwenye insafu angeisoma akaacha kusoma barua nyingine. Lakini dai hilo halitoshi kusemwa hivi hivi. Yafaa tuingie ndani ya sentensi zake mbili, ile ya ChatGPT na ile ya kielelezo, tuone zimebeba nini.

Tuanze na kazi yenyewe ilivyo. Mchanganuzi chipukizi katika shamba la waridi hutumia siku zake nyingi akisafisha rekodi, kwa kuwa mavuno ya kila nyumba ya maua huandikwa na msimamizi wa nyumba hiyo, kila mmoja na mkono wake, hata nyumba moja ikajitokeza katika jedwali kwa majina matatu, GH 7 na Gh7 na Green house 7, nayo kompyuta, kwa ujinga wake usio na taksiri, ikayahesabu majina hayo kuwa nyumba mbalimbali. Tarehe nazo huandikwa na mmoja kwa kutanguliza siku na mwingine kwa kutanguliza mwezi, na kwa siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi hakuna mashine iwezayo kuzitofautisha kwa kuzitazama tu. Kazi hiyo haina fahari, wala haiandikwi katika matangazo, ila ndiyo inayoamua kama hesabu iliyoko mezani kwa meneja ni mavuno au ni ndoto.

Katika mafunzo yake ya kazini, binti huyu alitakiwa kutoa jumla ya mashina ya waridi yaliyokatwa siku moja katika nyumba zilizo chini ya msimamizi mmoja, pamoja na dosari zilizoonekana wakati wa kupanga. Mavuno ya nyumba hizo peke yake yalikuwa katika jedwali moja, dosari katika jingine. Akaiomba ChatGPT imwandikie swali la kuunganisha majedwali hayo mawili, nayo ikamwandikia hili, ambalo kwa mtazamo wa haraka halina ila yoyote:

```
SELECT SUM(v.mashina)
FROM mavuno v
JOIN dosari d
  ON v.nyumba = d.nyumba AND v.siku = d.siku
WHERE v.siku = '2024-03-04';
```

Swali likakubali, jumla ikatoka 8,400. Hapakuwa na onyo, wala rangi nyekundu, wala neno la kuashiria kosa. Naye akachukua daftari la chumba baridi, ambamo ndoo zote zinazoingia huandikwa kwa kalamu kabla maua hayajapoa, akakuta 8,300. Tofauti ya mashina mia moja katika elfu nane na ushei ni tofauti ambayo mtu mchovu huiachilia, akijiambia kwamba huenda ndoo moja ilihesabiwa vibaya. Na wengi, nathubutu kusema, wangeiachilia.

Yeye hakuiachilia, akaligawa swali kwa nyumba, na hapo ajabu ikadhihiri. Nyumba ya saba, iliyokatwa mashina 4,200, ilikuwa na mistari miwili katika jedwali la dosari, mmoja wa shingo zilizopinda na mwingine wa ukungu, na kwa kuwa neno JOIN huambatanisha kila mstari wa upande mmoja na kila mstari unaolingana nao wa upande wa pili, mavuno yale yale yalihesabiwa mara mbili yakawa 8,400. Nyumba ya tisa, iliyokatwa mashina 4,100, haikuwa na dosari hata moja siku hiyo, na kwa kuwa neno lile lile huyatupa yasiyo na mwenzi, nyumba nzima ilipotea katika hesabu. Kosa la kwanza liliongeza, kosa la pili likapunguza, na makosa hayo mawili yakakaribia kufutana, hata jumla iliyoharibika pande zote mbili ikatoka imevaa sura ya ukweli. Dawa yake ni kujumlisha dosari kwanza, zibaki mstari mmoja kwa kila nyumba na kila siku, kisha kutumia LEFT JOIN ili nyumba isiyo na dosari isitupwe. Na kama kinachotakiwa ni jumla ya mavuno peke yake, basi hakuna haja ya kuunganisha kitu.

Hayo yote yamo katika sentensi moja ya barua yake, isemayo kwamba hapeleki jumla mbele kabla ya kuilinganisha na daftari la asili. Aliyeandika katika barua yake kwamba "ana umahiri wa zana za akili unde" hakutuambia kama analinganisha au halinganishi, na kwa meneja wa shamba hiyo ndiyo habari yenye thamani, maana zana hizo huandika swali baya kwa ufasaha ule ule zinaoandikia swali zuri.

Sentensi ya kielelezo ina kina zaidi, na hapa namwomba msomaji anivumilie kidogo. Yuko nondo mmoja ambaye kiwavi wake huingia ndani ya tumba la waridi, akajificha humo asionekane kwa nje, na Umoja wa Ulaya umemweka katika orodha ya wadudu wasiotakiwa kabisa kuingia kwake. Tangu Aprili 2025 masharti juu ya waridi zitokazo katika nchi zenye nondo huyo, Kenya ikiwamo, yamekazwa, na shehena inayokutwa na kiwavi huweza kukataliwa yote. Mradi wa binti yule ulikuwa wa kubashiri sanduku lipi lina hatari ya kuwa na kiwavi, kwa kutazama nyumba lilikotoka, joto la siku zilizotangulia, na idadi ya nondo walionaswa katika mitego. Data yenyewe, kama alivyosema bila kuficha, ilikuwa ya kubuni.

Kielelezo chake cha kwanza, kilipojaribiwa kwa masanduku 1,000 ambayo hakikuyaona wakati wa kufundishwa, kilipata usahihi wa asilimia 98.8. Mwombaji mwenye ghururi angeikata namba hiyo na kuibandika juu ya wasifu wake, na hakuna mtu ambaye angeweza kumwita mwongo. Ila masanduku yenye kiwavi katika yale 1,000 yalikuwa 12, na masafi yalikuwa 988. Kielelezo kile kilikuwa kimejifunza kusema "safi" kwa kila sanduku, kikapatia 988 na kukosea 12, na yale 12 ndiyo yote yaliyotakiwa kukamatwa. Usahihi wake ulikuwa mkubwa na faida yake ilikuwa sifuri. Mlinzi anayelala usiku kucha katika mtaa usio na wezi wengi naye huwa "sahihi" siku nyingi za mwaka.

Akakirekebisha, akikiadhibu zaidi kwa kila kiwavi anayekipita kuliko kwa kila sanduku safi kinalolishuku bure, na kielelezo cha pili kikashuku masanduku 49, ambamo 9 yalikuwa na kiwavi kweli na 40 yalikuwa masafi. Kiliyakosa matatu. Usahihi wa jumla ukashuka hadi asilimia 95.7, na mtu asiyejua angesema kimeharibika, ilhali sasa kinakamata masanduku tisa kati ya kumi na mawili yenye kiwavi, kwa gharama ya kufungua masanduku 40 yasiyo na hatia. Je, gharama hiyo ni nafuu? Jibu halimo katika takwimu. Limo katika thamani ya shehena inayokataliwa, katika muda wa mkaguzi, na katika uharibifu wa maua yanayofunguliwa nje ya baridi, nayo ni mambo ambayo mwenye shamba anayajua na mhitimu hayajui. Kwa hiyo alipoandika kwamba hakuna mtu aliyepata kutumia kielelezo chake kufanya uamuzi, hakuwa akijidharau. Alikuwa akibainisha mpaka kati ya alichokijaribu darasani na anachotakiwa kukijua shambani, mpaka ambao watu wenye vyeo vikubwa kuliko alichoomba huuvuka kila siku bila kutambua.

Nilipoisoma rasimu yake ya kwanza sikuisifu yote. Aya hiyo ilikuwa ya kwanza, nikamshauri iwe ya tatu, kwa kuwa msomaji wa barua anataka kwanza kujua unaweza nini: kusafisha jedwali, kuandika swali la SQL, kutengeneza ripoti ya wiki ambayo msimamizi wa nyumba ya maua anaweza kuisoma amesimama. Ilianza pia kwa "naomba radhi kwamba sina uzoefu wa kutosha", nikamwambia ayafute maneno hayo, maana hakumkosea mtu. Anayesema kweli juu ya kipimo cha elimu yake hana la kuombea radhi, na unyenyekevu wa kujidunisha humchosha msomaji sawasawa na majivuno. Mwishoni palikuwa na "nina ari ya kujifunza", maneno ambayo kila mwombaji katika kaunti ya Nakuru huyaandika, nikamwuliza angejifunza nini, lini, kwa kitu gani. Akaandika badala yake kwamba katika miezi mitatu ya kwanza angependa kulinganisha rekodi za mitego ya nondo na ripoti za ukaguzi wa masanduku, kuona kama zinalingana hata kidogo, kabla mtu yeyote hajazungumza habari ya kielelezo. Hiyo ni sentensi ya mtu anayetaka kazi.

Kuna jambo moja aliloliacha, nami nikamhimiza alitie, nalo ni la faragha. Jedwali la mavuno mara nyingi huwa na safu ya jina la mkataji na namba yake ya kazi, kwa sababu malipo ya ziada huhesabiwa kwa kila mtu. Na anayelinakili jedwali zima kwenye ChatGPT ili lisafishwe amewapeleka wafanyakazi hao mahali ambako hawakuridhia kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimsamehe mchanganuzi kwa kuwa ni chipukizi. Yeye alikuwa na desturi ya kuifuta safu hiyo na kupeleka majina ya safu peke yake pamoja na mistari miwili mitatu ya kubuni, kwa kuwa zana haihitaji zaidi ya hapo ili iandike swali. Alidhani ni jambo dogo lisilostahili kuandikwa. Mimi naona linastahili mstari mzima, tena wenye kuitaja sheria kwa jina.

Wako watakaosema kwamba insafu yote hii ni bure, kwa sababu barua siku hizi huchujwa na mashine kabla ya kufika kwa mtu, nayo mashine inatafuta maneno, wala haitafuti kweli. Sikatai kwamba uchujaji huo upo. Lakini maneno hayo yamo katika barua yake: akili unde, kielelezo, SQL, ChatGPT, yote yameandikwa, kila moja likiwa na habari yake ya kweli kando yake, na mashine ya kutafuta maneno itayaona kama itakavyoyaona ya yule aliyedanganya. Tofauti itakuja barua itakapofika mikononi mwa mtu, na mtu huyo, kama ameifanya kazi hii hata mwaka mmoja, atajua mara moja kwamba mwandishi wake alikwisha kuumwa na JOIN.

Lawama kubwa zaidi naiona upande wa wanaotangaza. Kutaka "uzoefu wa akili unde" kwa mtu atakayelipwa mshahara wa mwanzo, bila kusema ni wa kufanya nini, ni kuwaalika waombaji wadanganye, kisha kuwalaumu kwa kuitikia mwaliko. Shamba linalotaka mtu wa kusafisha rekodi za mavuno na kutumia zana za kuandika fomula liseme hivyo. Linalotaka mtu wa kujenga kielelezo cha kubashiri viwavi liseme hivyo pia, lakini lijue kwamba hiyo si kazi ya chipukizi aliyeachwa peke yake, na kwamba kabla ya kumtafuta mtu huyo ni lazima liwe na rekodi za mitego za misimu kadhaa zilizoandikwa kwa jina moja la nyumba.

Nawaomba basi wenye mashamba ya kandokando ya ziwa letu, na mameneja wao wa wafanyakazi, wafanye mambo mawili katika tangazo lijalo: waandike kazi ambayo akili unde itatumika kuifanya, na siku ya usaili wampe kila mwombaji jedwali la mavuno la siku moja, jedwali la dosari, na nakala ya daftari la chumba baridi, wamwache nusu saa, kisha wamwulize jumla ni ngapi na amejuaje.